Matriki yenye k moja isiyojulikana: diskriminanti, kuitenga k, au kompyuta?

Swali hili huja kwa sura ileile karibu kila mwaka. Unapewa matriki ya tatu kwa tatu ambayo namba nane zinajulikana na ya tisa imeandikwa k, kisha unaambiwa utafute thamani za k zinazofanya thamani aigeni zijirudie, na useme ni kwa ipi kati ya hizo matriki inakuwa pungufu. Katika kikundi cha kujisomea ninachokisaidia jioni hapa Iyunga, Mbeya, ambacho wengi wake ni wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili, sehemu ya kwanza ya swali hupatikana kwa jasho lakini hupatikana. Alama hupotea kwenye sehemu ya pili, kwa kuwa mwanafunzi akishaona namba imejirudia huandika papo hapo kwamba matriki ni pungufu.

Hayo ni mambo mawili. Thamani aigeni ya matriki A ni namba λ ambayo kwayo ipo vekta v isiyo sifuri inayotimiza Av = λv, na namba hizo ndizo mizizi ya polinomia p(λ) = det(λI − A). Thamani hiyo inajirudia pale inapokuwa mzizi wa p zaidi ya mara moja. Matriki ni pungufu pale ambapo thamani iliyojirudia mara mbili, kwa mfano, ina vekta aigeni huru moja tu badala ya mbili, na hapo matriki haiwezi kugeuzwa kuwa ya ulalo. Hakuna upungufu bila kujirudia, lakini kujirudia bila upungufu kupo, na swali la mtihani limetungwa makusudi ili kupima kama unalijua hilo.

Nitatumia matriki moja kuzilinganisha njia zote:

```
     |  3   1   1 |
A =  |  2   4   k |
     | -1  -1   1 |
```

Polinomia yake, ukiikokotoa kwa utaratibu wa kawaida, ni p(λ) = λ³ − 8λ² + (18 + k)λ − 12 − 2k. Njia zote tatu zinaanzia hapa au zinaizunguka hatua hii.

Tutazipima kwa lipi

Nimechagua vipimo vinne, na kila njia nitaipitisha kwenye vinne hivyo hivyo. Cha kwanza ni ukubwa wa kazi ya mkono, maana mtu aliye kwenye chumba cha mtihani na mtu aliye mbele ya kompyuta hawana haja moja. Cha pili ni iwapo njia inakupa k peke yake au inakupa pia λ inayojirudia, kwa sababu bila λ huwezi kuendelea kuupima upungufu. Cha tatu ni kile njia inachosema kuhusu upungufu wenyewe. Cha nne ni mahali inapokwama, na dalili ya kukutambulisha kwamba imekwama.

Njia ya kwanza: diskriminanti

Diskriminanti ya polinomia ni namba inayokuwa sifuri pale tu mizizi miwili au zaidi inapolingana. Kwa kipeo cha pili kila mtu anaijua: ni ile b² − 4ac iliyo chini ya kipeuo. Kwa kipeo cha tatu, ukiwa na λ³ + bλ² + cλ + d, ni hii:

```
D = 18bcd - 4b³d + b²c² - 4c³ - 27d²
```

*Kazi ya mkono.* Kwa mfano wetu unaweka b = −8, c = 18 + k na d = −12 − 2k, kisha unapanua. Kuna vipeo vya tatu vya mabano na alama nyingi za kutoa, na ukurasa mzima unaweza kuharibika kwa alama moja iliyosahauliwa. Ukifika salama unapata D = 4(3 − k)(k − 2)². Njia nzuri ya kujihakikisha ni kuweka k = 0 pande zote mbili: fomula ndefu inatoa 31104 − 24576 + 20736 − 23328 − 3888, yaani 48, na umbo lililofupishwa linatoa 4 × 3 × 4, ambayo pia ni 48. Kipeo kikipanda hadi cha nne, fomula inakuwa na vijisehemu 16, na kwa kipeo cha tano vinafika 59. Hapo mkono hauna nafasi tena.

*Inachokupa.* Inakupa thamani za k zote, bila kuacha hata moja: hapa ni k = 2 na k = 3. Haikupi λ. Itakubidi uirudishe kila k kwenye p na kutafuta mizizi upya.

*Inachosema kuhusu upungufu.* Inasema kidogo, lakini kidogo hicho ni cha thamani na wengi hawakitumii. Kama k fulani ni mzizi wa D mara moja tu, kama 3 ilivyo katika (3 − k), basi matriki kwa k hiyo ni pungufu bila shaka. Sababu ni kwamba thamani aigeni zilizojirudia bila upungufu hutengana taratibu k inaposogea: tofauti yao hukua sawia na msogeo wa k. Diskriminanti imejengwa kwa mraba wa tofauti hizo, kwa hiyo lazima ibebe mraba wa msogeo. Pasipo na mraba, upungufu upo. Kinyume chake si kweli: (k − 2)² haikuhakikishii kwamba k = 2 ni salama. Nitaonyesha hivyo baadaye kidogo.

*Inapokwama.* Ikiwa D inatoka sifuri kwa kila k, njia imefika mwisho. Chukua matriki ya mbili kwa mbili yenye safu mlalo (2, k) na (0, 2). Thamani aigeni ni 2 mara mbili hata k iwe nini, na diskriminanti haina la kukuambia, ilhali matriki hiyo ni pungufu kwa kila k isipokuwa k = 0.

Diskriminanti inamfaa mwenye matriki ya mbili kwa mbili, ambapo sharti zima ni (a − d)² + 4bc = 0, na anayetumia programu ya aljebra inayopanua bila kuchoka. Inamfaa pia anayeulizwa thamani za k tu, bila swali la pili.

Njia ya pili: kuitenga k

Njia hii inasimama juu ya jambo moja kuhusu determinanti. Ukipanua determinanti kwa safu ambayo k imo, k inatokea mara moja tu, ikizidishwa na kofakta yake, na kofakta hiyo haina k ndani yake. Kwa hiyo kama k imo mahali pamoja tu ndani ya matriki, polinomia haiwezi kuwa na k² wala k³. Daima itakuwa na umbo hili:

```
p(λ) = g(λ) + k·h(λ)
```

Hapa h ndiyo kofakta ya mahali pa k katika λI − A, ikiwa imebadilishwa alama. Kwa mfano wetu, kukusanya kunatoa g = λ³ − 8λ² + 18λ − 12 na h = λ − 2.

*Kazi ya mkono.* Kwanza tazama kama g na h zina mzizi wa pamoja. Weka λ = 2 katika g: 8 − 32 + 36 − 12 = 0. Zinao. Maana yake ni kwamba 2 ni thamani aigeni ya matriki hii kwa kila k. Tuiite thamani isiyohama. Gawanya g kwa (λ − 2), na polinomia yote inakuwa

```
p(λ) = (λ - 2)(λ² - 6λ + 6 + k)
```

Sasa itenge k kutoka kwenye mabano ya pili: k = −λ² + 6λ − 6. Huu ni mchoro wa kawaida wa sekondari, parabola inayoangalia chini. Chora λ kwenye mhimili wa mlalo na k kwenye mhimili wa wima, kisha ongeza mstari wima kwenye λ = 2 kuwakilisha ile thamani isiyohama. Ukichukua k yoyote na kupitisha mstari wa mlalo kwenye kimo hicho, λ za makutano ndizo thamani aigeni za matriki kwa k hiyo. Kwa k = −6, kwa mfano, mstari unaikata parabola kwenye 0 na 6, na unaukata mstari wima kwenye 2; thamani aigeni ni 0, 2 na 6.

Kujirudia kunaonekana kwa macho. Mahali pa kwanza ni kileleni mwa parabola, pale makutano mawili yanapoungana kuwa moja kabla ya kutoweka. Dirivativu ni −2λ + 6, inakuwa sifuri λ ikiwa 3, na k yake ni −9 + 18 − 6 = 3. Mahali pa pili ni pale parabola inapoukata mstari wima: λ = 2, na k ni −4 + 12 − 6 = 2. Hakuna pengine. Kwa k kubwa kuliko 3 mstari wa mlalo unapita juu ya kilele, na thamani mbili zinakuwa namba changamano.

*Inachokupa.* Inakupa k na λ kwa pamoja: jozi (k = 2, λ = 2) na jozi (k = 3, λ = 3). Hakuna kurudi nyuma.

*Inachosema kuhusu upungufu.* Hapa ndipo njia hii inapoziacha nyingine, na ndiyo sababu nimeipa nafasi kubwa. Idadi ya vekta huru za λ ni 3 ukitoa cheo cha matriki A − λI, yaani idadi ya safu mlalo zake zilizo huru. Cheo hicho kinakuwa 2 mara tu kofakta yake moja inapokuwa si sifuri. Nasi tayari tunayo kofakta moja mkononi: ni h, ambayo tumeikokotoa bila kukusudia. Kwa λ = 3, h = 3 − 2 = 1, si sifuri. Basi cheo ni 2, vekta ni moja, na kwa kuwa λ = 3 imejirudia mara mbili, matriki ni pungufu kwa k = 3. Hatukuhitaji kupunguza safu hata moja.

Kanuni inayotokana na hili ni ya jumla: kila mahali λ inapojirudia huku h(λ) si sifuri, matriki ni pungufu. Mahali pekee panapohitaji kuchunguzwa kwa mkono ni pale h(λ) ni sifuri, na hapo λ lazima iwe ile thamani isiyohama, kwa sababu p na h zikiwa sifuri pamoja, g nayo ni sifuri. Katika mfano wetu ni λ = 2 peke yake. Weka k = 2 na utoe 2 kwenye ulalo:

```
          |  1   1   1 |
A - 2I =  |  2   2   2 |
          | -1  -1  -1 |
```

Safu zote ni vizidisho vya safu moja. Cheo ni 1, vekta huru ni mbili, kwa mfano (1, −1, 0) na (1, 0, −1), na matriki inageuzwa kuwa ya ulalo yenye 2, 2 na 4. Kwa k = 2 kuna kujirudia bila upungufu.

Nisisitize kwamba hatua hii ya mwisho haiwezi kurukwa. Linganisha na matriki hii nyingine:

```
     | 2    1     0 |
B =  | 0    3     1 |
     | 0  3 - k   3 |
```

Polinomia yake ni ileile, (λ − 2)(λ² − 6λ + 6 + k), na diskriminanti yake ni ileile. Lakini kwa k = 2, matriki B − 2I ina safu (0, 1, 0), (0, 1, 1) na (0, 1, 1). Mbili za kwanza ni huru, cheo ni 2, vekta ni moja, na B ni pungufu mahali palepale ambapo A haikuwa. Mtu anayetazama polinomia tu hawezi kuzitofautisha.

*Inapokwama.* Kama k imo mahali pawili, huenda k² ikatokea na kutenga kukawa na vipeuo. Hali ya kawaida ni matriki linganifu, yenye k ileile pande zote mbili za ulalo; lakini hapo kuna nafuu, kwa kuwa matriki linganifu ya namba halisi haiwi pungufu kamwe, na swali la pili linajibiwa kwa sentensi moja. Kosa la kawaida katika njia hii ni kugawanya kwa h na kusahau mizizi ya pamoja. Anayefanya hivyo anapata kilele, k = 3, na anaipoteza k = 2 kabisa. Dalili ni rahisi: kama h yako ina mzizi na hujauweka katika g kuona kama nayo inakuwa sifuri, kazi haijakamilika.

Njia hii inamfaa aliye na karatasi na kalamu, mwenye matriki ya tatu kwa tatu yenye k mahali pamoja, na anayedaiwa majibu ya sehemu zote mbili. Nadhani inawafaa pia wanaosomea ualimu wa hisabati, kwa mfano kule Mkwawa, Iringa, kwa sababu mchoro wa parabola na mstari wima unaweza kuwekwa ubaoni na darasa likaona kujirudia kunavyotokea.

Njia ya tatu: kompyuta na namba

Hapa unaipa kompyuta thamani nyingi za k na kuangalia pale thamani aigeni zinapokaribiana. Kwa Python ni mistari michache:

```python
import numpy as np
for k in (2.0, 2.01, 2.99, 3.0, 3.01):
    A = np.array([[3, 1, 1], [2, 4, k], [-1, -1, 1]])
    print(k, np.linalg.eigvals(A))
```

*Kazi ya mkono.* Karibu haipo, na ukubwa wa matriki si kikwazo. Ya kumi kwa kumi inatatuliwa kama ya tatu kwa tatu.

*Inachokupa.* Inakupa makadirio ya k na λ. Kompyuta haitakuambia kwamba namba mbili ni sawa kabisa; itakuonyesha mbili zinazofanana hadi tarakimu kadhaa, na wewe ndiye utakayeamua. Ugumu unazidi kwenye upungufu wenyewe. Karibu na k = 3 thamani mbili za mfano wetu ni 3 ± √(3 − k), kwa hiyo kosa dogo sana kwenye matriki, tuseme la tarakimu ya 16 baada ya nukta, linakuzwa na kipeuo na kuwa kosa la tarakimu ya 8. Ukiona sehemu changamano ndogo ya kiasi hicho kwenye k = 3, usidhani umekosea kuandika matriki.

*Inachosema kuhusu upungufu.* Kipeuo hichohicho kinachosumbua ndicho kinachotoa dalili. Msogeo wa 0.01 kutoka k = 3, yaani k = 2.99, unazitenganisha thamani mbili kwa 0.2. Msogeo uleule kutoka k = 2, yaani k = 2.01, unazitenganisha kwa takriban 0.005 tu. Penye upungufu wa thamani mbili namna hii, thamani huachana kwa kasi kubwa na kwa kawaida upande mmoja zinakuwa changamano. Pasipo na upungufu hupishana kwa utulivu. Lakini dalili hii haifanyi kazi kinyume: matriki B kwenye k = 2 nayo hupishanisha thamani zake kwa utulivu uleule ilhali ni pungufu. Amri ya `np.linalg.matrix_rank` inaweza kukupa cheo, ila nayo hutegemea kiwango cha kosa unachokiruhusu.

*Inapokwama.* Hatua zako za k zikiwa pana, unaweza kuruka juu ya mahali panapotafutwa. Hatua ya 0.1 ingeikuta k = 3 kwa bahati ya kuwa namba nzima; kama jibu lingekuwa 17/4 ungeipita. Dalili ya kwamba umepita kilele ni kuona thamani mbili halisi zimegeuka kuwa changamano kati ya hatua moja na inayofuata. Hapo rudi nyuma na ugawanye nafasi hiyo vipande vidogo.

Njia hii inamfaa mhandisi ambaye k yake ni kipimo kilichopimwa, wala si namba ya kitabuni. Anayeshughulika na shokapu za gari linaloteremka Mlima Nyoka anajua kwamba uzito m, ugumu wa springi s na nguvu ya kuzuia c vikitimiza c² = 4ms thamani aigeni hujirudia, na kwamba matriki ya mwendo huo, yenye safu (0, 1) na (−s/m, −c/m), hapo ni pungufu daima kwa sababu ya ile 1 iliyo nje ya ulalo. Matokeo yake ni kwamba jibu la mwendo linabeba te^(λt) pamoja na e^(λt). Lakini hakuna shokapu inayokaa juu ya sharti hilo kwa usahihi kamili, na kwake kujua kwamba yuko karibu kunatosha.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Kama uko kwenye mtihani, k iko mahali pamoja, na swali lina sehemu ya upungufu, itenge k: andika g na h, tafuta mzizi wa pamoja kwanza, kisha kilele, na uchunguze cheo pale tu h ni sifuri. Kama matriki ni ya mbili kwa mbili, usijisumbue. Tumia diskriminanti, na ukumbuke kwamba ikiwa sifuri matriki ni pungufu isipokuwa ikiwa ina namba ileile mara mbili kwenye ulalo na sifuri kwingine kote.

Kama k imetapakaa mahali pawili au zaidi na unayo programu ya aljebra, diskriminanti inarudi kuwa nzuri kuliko kutenga: iache programu ipanue na kuigawa katika vipengele, angalia ni thamani zipi za k ni mizizi ya D mara moja na zipi mara mbili au zaidi, kisha peleka zile za mara mbili au zaidi kwenye kipimo cha cheo. Ikitoka sifuri kwa kila k, achana nayo na uende moja kwa moja kwenye cheo, kama tulivyofanya na (2, k) na (0, 2).

Kama namba zako zimetoka kwenye vipimo, anza na kompyuta ili ujue ni eneo gani la k la kulitazama, na usitamke kwamba matriki ni pungufu kwa sababu tu thamani mbili zimefanana kwenye skrini. Ukiweza, chukua k na λ ulizokadiria, zigeuze kuwa namba kamili zinazoelekea kuwa ndizo, na ukokotoe cheo cha A − λI kwa mkono. Kwa matriki ya tatu kwa tatu kazi hiyo ni ya safu tatu.